Ndoto ya pantoni sio jibu la istikhara yako

*"Asalam aleikum ustadh. Nina miaka 27, nakaa Tabata, nauza duka la dawa. Kuna kaka kaleta posa, anafanya kazi Muscat, yuko likizo mpaka mwisho wa mwezi. Nimeswali istikhara siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu nikaota tupo kwenye pantoni (wiki hiyo tulivuka kwenda kuwaona ndugu zake Mjimwema), maji yakageuka meusi, tukafika ng'ambo, yeye akashuka, geti likafungwa mi nikabaki ndani. Mama anasema jibu ndo hilo, posa irudishwe. Shangazi anasema maji ni riziki, nikubali. Washenga wanataka jibu Jumapili. Mwenyewe nampenda ila nimeogopa. Nifanyeje?"*

Waaleikum salaam dada yangu. Najua Jumapili iko karibu kwa hiyo nakupa jibu kwanza, maelezo baadae: kwenye hiyo ndoto hujakataliwa na wala hujakubaliwa. Mama kakosea na shangazi kakosea, tena wamekosea kosa moja, wote wawili wanadhani ukiswali rakaa mbili ukalala, kinachokuja usingizini ndo jibu lenyewe, kilichobaki ni kubishana tafsiri. Hapo ndo tunapopoteana watu wengi sana hapa mjini, mi nakaa na kesi za ndoa msikitini kila Jumamosi na sidhani kama inapita mwezi sijaletewa ndoto.

Naomba ufanye kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma. Ile dua uliyoisoma siku tatu, ichukue uisome taratibu kwa Kiswahili, uangalie unaomba nini hasa. Imekuja kwenye hadithi ya Jabir bin Abdillah, iko kwenye Sahih Bukhari, anasema Mtume (s.a.w) alikuwa anawafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani, kwamba mmoja wenu akikusudia jambo basi aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi kisha aseme. Unasema: ewe Mola nakuomba unichagulie kwa ujuzi wako, nakuomba uniwezeshe kwa uwezo wako, nakuomba katika fadhila zako kubwa, maana wewe unaweza mi siwezi, unajua mi sijui. Ikiwa unajua jambo hili lina kheri na mimi katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, basi nikadirie, unisahilishie, kisha unibarikie. Na ikiwa unajua ni shari kwangu, basi liondoe kwangu na mimi uniondoe kwake, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Umeona? Neno "nioneshe" halimo. Hamna "nijulishe", hamna "niletee alama", hamna usingizi, hamna kulala ubavu wa kulia ukielekea kibla ukisubiri. Vitenzi vyote ni vya kutenda: chagua, wezesha, kadiria, sahilisha, ondoa, ridhisha. Unamkabidhi Mwenyezi Mungu jambo alifanye liende au lisiende. Sasa jambo ili lisahilishwe au liondolewe inabidi liwe linaenda, yaani watu wanaulizana, wanachunguza, wanazungumza mahari, wanapanga. Wewe umeswali halafu ukasimamisha kila kitu ukaenda kulala kusubiri taarifa. Posa imekaa pale pale ilipokuwa, cha kusahilishwa hakipo na cha kuondolewa hakipo.

Na hata neno la mwanzo, "akikusudia jambo", lina maana yake. Istikhara inamkuta mtu ambaye ameshalifikiria jambo mpaka limekuwa nia. Mtu asiyejua mchumba wake analala wapi huko Muscat, kodi analipa nani na mkataba unaisha lini, bado hajafika kwenye nia, yuko kwenye hamu.

Hizo siku tatu nazo, sikatai, kurudia inafaa. Ila hadithi ya Jabir haina idadi. Kuna riwaya inayotaja mara saba na wanachuoni wa hadithi wameidhoofisha. Kwa hiyo usidhani ukiishia siku mbili haikubali, au usiku wa tatu una uzito kuliko wa kwanza. Mambo ya nyeupe na kijani ni ndio, nyeusi na nyekundu ni hapana, hayo yamezagaa kweli na watu wanayasema kwa kujiamini kama aya, ila kwenye hadithi ya istikhara hayamo kabisa.

Utaniuliza, sa jibu linajulikanaje? Hapa nikwambie kweli kwamba wanachuoni wenyewe hawakusema kitu kimoja. Imam Nawawi anasema baada ya istikhara aende na kile ambacho kifua chake kimefunguka nacho, na yeye huyo huyo akaweka sharti gumu, kwamba usitegemee mvuto uliokuwa nao kabla ya kuswali, maana ukiingia na matamanio yako tayari humuombi Mungu akuchagulie, unaomba mhuri. Izzuddin bin Abdisalam yeye kaona nyepesi zaidi, kwamba mtu akishaswali afanye atakaloazimia, kitakachotokea ndo kheri. Mi naona kwa mtu kama wewe, ambaye unampenda na unamuogopa kwa wakati mmoja, kauli ya pili inasaidia zaidi, kwa sababu kifua chako kwa sasa kinafunguka asubuhi na kufunga jioni. Lakini angalia, kati ya hao wawili hamna aliyesema nenda kalale uone.

Tahadhari moja kwenye hilo la "kusahilika". Watu wakishaacha ndoto wanahamia kusoma alama barabarani. Bajaji imeharibika wakati wa kupeleka barua, basi imekataa. Mshenga kapata homa, basi imekataa. Hapana bwana. Kikwazo kinachoondolewa kwa simu moja sio kuondolewa kwa jambo. Kuondolewa ni pale umefanya yako yote ya halali na jambo bado linakataa kukaa, au umejua kitu kuhusu mtu na moyo wenyewe umetoka bila kulazimishwa.

Sasa turudi kwenye ndoto yako, maana sitaki uone naidharau. Dini haijasema ndoto ni upuuzi. Kuna hadithi ndani ya Sahih Muslim kutoka kwa Abu Hureira kwamba ndoto ni za aina tatu: njema ambayo ni bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na ile ambayo mtu anajisemesha mwenyewe na nafsi yake. Hii ya tatu ndo watu wanaisahau, yaani mezani kwa mama na shangazi kuna aina mbili tu, ya Mungu na ya shetani. Wakati hii ya kujisemesha ndo ambayo hata wataalamu wa usingizi wanaielezea kila siku kwa lugha yao.

Ngoja nikueleze inavyokwenda. Usingizi hauendi mstari ulionyooka mpaka asubuhi, unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi. Ndani ya kila mzunguko kuna kipande ambacho macho yanachezacheza chini ya kope, mwili umelegea ila ubongo umechangamka, na ndoto zile zenye picha na kisa zinatoka sana hapo. Aserinsky na Kleitman walikieleza kipande hiki mwaka 1953. Mwanzoni mwa usiku kinakuwa kifupi, dakika chache tu, kadri alfajiri inavyosogea kinarefuka. Kwa hiyo ukilala saa sita usiku ukaweka alamu ya saa kumi na moja kwa ajili ya Alfajiri, mara nyingi alamu inakukuta ndani ya ndoto au imetoka tu kuisha, na ndoto unayoamka nayo ndo unayoikumbuka. Kila siku unaota dada yangu, ila kwa kawaida unaamka ukiwaza daladala na chenji ya dukani, ndoto inayeyuka kabla hujafika bafuni. Hizi siku tatu umeamka ukijiuliza "nimeona nini?", tena naamini umeshtuka mara mbili tatu usiku. Mtu akiamka katikati katikati na akaitafuta ndoto, lazima atakumbuka nyingi kuliko kawaida. Istikhara haikuleta ndoto nyingi, imekufanya uzidake.

Halafu ubongo ukiota unaokota okota vya mchana. Umevuka kwenda Mjimwema wiki hiyo hiyo na yeye, umeenda kukaguliwa na ndugu zake (maana kule kwenda kuwaona ndugu ni kukaguliwa, tusidanganyane), umerudi una wasiwasi, ukaswali ukimuwaza yeye, ukalala ukimuwaza yeye. Ningeshangaa kama ungeota treni. Na hicho kipande cha usingizi sehemu za ubongo zinazohusika na hofu zinakuwa macho sana, wakati zile za kupima na kupangilia zimepoa, ndo maana ndani ya ndoto maji yanageuka meusi na wewe huulizi kwa nini, unaogopa tu. Unaamka moyo unakimbia na ile hofu inaonekana kama habari, kumbe ni hofu yako mwenyewe ya mchana imevaa pantoni.

Kuna kitu kingine kinaelezea ugomvi wa mama na shangazi. Mwaka 2009 watafiti wawili, Carey Morewedge na Michael Norton, walichapisha utafiti wao juu ya watu wanavyochukulia ndoto. Waliwauliza watu wafikirie wana safari ya ndege, halafu usiku wake ama waote ndege yao imeanguka, ama waiwaze tu ajali wakiwa macho, ama serikali itoe tahadhari. Wengi walisema ndoto ingewatikisa kuliko wazo lile lile la mchana, kuliko hata tahadhari ya serikali. Na wakagundua kwamba mtu anaipa ndoto uzito zaidi pale inapokubaliana na anachokitaka tayari. Ndoto ya kumsema vibaya mtu usiyempenda, "hii ina maana". Ya kumsema vibaya rafiki yako, "aah ni ndoto tu".

Sa muulize mama kwa upole, kabla ya pantoni alikuwa anaonaje habari ya binti yake kuolewa na mtu wa Muscat? Na shangazi je, si ndo aliyewaunganisha? Sijui, nabahatisha, ila nimekaa kwenye hizi kesi muda mrefu. Maji ni yale yale. Kila mmoja ameteka kwa ndoo yake.

Nami sijasalimika na hili. Miaka ya nyuma nilitaka kiwanja Chanika, mita ishirini kwa thelathini, kuna mwembe kwenye kona. Nikaswali istikhara, nikaota mke wangu anaanika nguo pale, kamba imefungwa kwenye ule mwembe, jua limepoa, shuka nyeupe zinapepea. Shuka nyeupe! Nikaamka nimejibiwa. Nikalipa nusu ya hela wiki hiyo hiyo, sikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, sikuuliza hata jirani mmoja, nikajiambia kuchunguza zaidi ni kukosa tawakuli. Mwezi wa tatu akatokea mzee ana karatasi ya mauziano ya kiwanja kile kile, muuzaji yule yule, tarehe ya kwake iko mbele ya yangu. Nilipokwenda kwa mjumbe akaniangalia akasema "ustadhi, mbona hukuja kuuliza, mtaa mzima unajua". Hela ilirudi robo. Ndoto ilikuwa nzuri sana na haikuwa na uongo wowote kuhusu mimi, ilionesha barabara ninavyokitaka kile kiwanja. Kuhusu hati haikuwa na habari.

Sasa tuje kwenye kazi, maana kazi ipo. Mwenyezi Mungu anasema katika Aal Imran aya ya 159, washauri katika mambo, na ukishaazimia mtegemee Mwenyezi Mungu. Ushauri, azma, halafu tawakuli, kwa mpangilio huo. Na ushauri wenyewe unaonekanaje? Kuna kisa nakipenda sana cha Fatima bint Qays, kiko Sahih Muslim. Eda yake ilipoisha walimposa Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume (s.a.w) kumueleza. Hakuambiwa nenda kalale. Aliambiwa habari za watu: Abu Jahm fimbo haimtoki begani, Muawiya ni fukara hana mali, olewa na Usama bin Zaid. Yaani tabia ya huyu ndani ya nyumba, uchumi wa yule, na pendekezo. Mambo ya wazi, yanayojulikana na watu wanaowajua. Na yeye mwanzoni hakumpenda Usama, baadae akasema Mungu alimtilia kheri mpaka akaonewa wivu. Hata moyo wa mwanzo ulikuwa umemdanganya, habari hazikumdanganya.

Kwa hiyo chukua daftari. Achana na maji meusi, baki na kipande kimoja tu cha ile ndoto: "akashuka, mi nikabaki". Sikwambii ndo tafsiri yake, mi sio mfasiri wa ndoto. Nakwambia nadhani hilo ndo linalokuuma ukiwa macho, na linastahili kuulizwa mchana. Yuko likizo mpaka mwisho wa mwezi. Akirudi, wewe unabaki wapi? Tabata kwa mama? Mjimwema kwa ndugu zake? Au unakwenda nae? Hili umemuuliza kwa maneno hayo hayo, au mmeishia kwenye "inshallah tutaenda wote"? Kufanya kazi Muscat ni jambo moja, kuwa na kibali kinachomruhusu kumleta mke ni jambo lingine, na inategemea aina ya kazi, mwajiri na mshahara. Aoneshe kadi yake ya ukaazi na mkataba. Mwanaume aliyejipanga atavitoa bila kununa, na akinuna umejifunza kitu ambacho ndoto isingekupa.

La pili uliza kama ameshawahi kuoa, popote, huku au huko, na kama ana mtoto anayemlea. Usiulize kwa aibu. Fahamu pia kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa ikifungwa Kiislamu hapa kwetu inachukuliwa kuwa inaruhusu mke zaidi ya mmoja, kwa hiyo kama una msimamo wako juu ya hilo mahali pa kuusema ni sasa, kabla ya akdi, mbele ya walii wako. Ukikuta kitu ambacho hakukwambia mwenyewe, ukakisikia kwa mtu mwingine, hapo tatizo ni kukuficha, hata kama jambo lenyewe dogo.

La tatu, kuna mtu wa kwenu aende akaulize. Baba, mjomba, kaka, yoyote mwenye akili na asiye na haraka. Aende mtaani alipokulia, aongee na imamu wa pale, aongee na mtu aliyewahi kufanya nae kazi, na kama inawezekana mtu anayeishi nae Muscat, simu zipo siku hizi. Asiulize "ni mtu mzuri?", kila mtu atasema ni mzuri. Aulize akikasirika anafanyaje, akidaiwa analipa vipi, mama yake anamtumia nini na mara ngapi. Hizo ndo fimbo ya Abu Jahm na mfuko wa Muawiya.

Na wewe mwenyewe, kazi yako dukani unaiacha au huiachi? Huko mbele utalia na hili kuliko maji meusi, nimeona.

Haya yote hayaishi Jumapili, na hayana sababu ya kuisha Jumapili. Posa sio boti ya Zanzibar kwamba ikiondoka imekuacha. Hata serikali kwenye sheria ile ile imeweka taarifa ya kusudio la ndoa ya siku 21 kabla ya kufunga. Walii wako awajibu washenga kwa adabu kwamba barua tumeipokea, tumefurahi, tunaomba wiki mbili tukamilishe mazungumzo ya kifamilia. Ni jibu la kiungwana, mshenga yoyote mzoefu analijua.

Katikati ya hizo wiki mbili endelea na istikhara, kila unapopata habari mpya kubwa swali rakaa zako mbili umuombe Mungu tena. Ukiwa kwenye siku zako soma dua bila swala. Akina nani wanafanya hivi? Zainab bint Jahsh alipoletewa posa ya Mtume mwenyewe (s.a.w) alisema sifanyi chochote mpaka nimuombe Mola wangu ushauri, akasimama kuswali. Tena posa ya Mtume! Kwa hiyo hamna posa ambayo ni nzuri sana mpaka haihitaji, ila swala ikae pamoja na kuuliza, isikae badala yake.

Ukiota tena, na utaota maana una presha, fanya ilivyofundishwa. Ikiwa nzuri mshukuru Mungu, na ukiisimulia msimulie anayekupenda. Ikiwa mbaya jikinge kwa Mungu, tema kidogo mate makavu kushoto mara tatu, geuka ubavu mwingine, na usimsimulie mtu. Hilo la mwisho ndo ulilokosea, na sikulaumu. Kuna bedui alikuja kwa Mtume (s.a.w) akasema nimeota kichwa changu kimekatwa kikawa kinaviringika nami nakikimbilia. Akaambiwa usiwasimulie watu shetani anavyokuchezea usingizini. Ungeinyamazia ile pantoni leo mama na shangazi wangekuwa wanakunywa chai pamoja.

Sasa kuna mahali ambapo haya maandishi yangu hayatoshi. Kama ndoto za kutisha zinajirudia usiku kwa usiku wiki kadhaa, unaogopa kulala, dukani unasinzia na hesabu zinakuchanganya, nenda ukamuone daktari, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na kwenda pale sio uchizi. Wewe wa duka la dawa unajua pia kwamba zipo dawa zinazoleta ndoto kali, kwa hiyo kama umeanza dawa yoyote karibuni mtajie. Na kama mchana, sio ndotoni, huyu kaka ameshawahi kukutishia, kukubana simu, kukunyanyulia mkono, hilo halisubiri istikhara. Waambie nyumbani, na ikibidi dawati la jinsia liko kituo cha polisi.

Na yule ambaye najua mtu ameshakuelekeza kwake, maana hakosekani, yule wa "mpe jina lako na jina la mama yake atakuswalia istikhara akupe majibu kesho", usiende. Rakaa hizi zilifundishwa kwa mwenye jambo, na anayetaka jina la mama ili apige hesabu zake huyo anapiga ramli, akiita istikhara au akiita jina lingine lolote. Nilimpokea dada mmoja alilipa elfu hamsini akaambiwa mchumba ana nyota ya moto, na mchumba mwenyewe hata jina la mama alilotoa lilikuwa la mama wa kambo.

Kwa mama usibishane nae hadithi kwa hadithi, utashinda hoja upoteze mama. Muulize anaogopa nini. Mama anaposema "maji meusi" mara nyingi anamaanisha "mwanangu atakuwa mbali na mi nazeeka", na hilo ni la kweli kabisa, lina haki ya kuwekwa mezani pamoja na kadi ya ukaazi na mkataba. Ukipenda njoo nae Jumamosi baada ya Alasiri tukae watatu. Njoo na daftari, na upande wa kwanza wa ukurasa uandike washenga walijibuje walipoombwa wiki mbili.